Kwa Nini Hesabu za Duka Hulingana: Maelezo kwa Mwenye Duka Mpya

Mtu aliyefungua duka lake la kwanza mjini Tunduma, pengine hatua chache kutoka barabara kuu iendayo mpakani Nakonde, aghalabu hufunga hesabu ya siku kwa namna moja. Huhesabu noti zilizomo kwenye droo, hutazama salio la simu, kisha hujiambia kuwa biashara imekwenda vyema au vibaya. Njia hiyo humweleza jambo moja tu, nalo ni kiasi cha fedha alichonacho usiku huo. Haimwelezi fedha hizo zimetoka wapi, ngapi kati yake ni za mkopeshaji, wala ngapi zinasubiriwa na duka la jumla alikochukua mchele kwa ahadi ya kulipa baadaye.

Katika kijitabu hiki tumezoea kuzungumza na mnunuzi anayesimama mbele ya kaunta. Safari hii tunazungumza na aliye nyuma ya kaunta, kwa kuwa naye ni mteja: ni mteja wa duka la jumla, wa mkopeshaji, wa mwenye nyumba na wa kampuni ya simu. Siku atakapodaiwa fedha alizokwisha kulipa, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama ana kumbukumbu. Kumbukumbu iliyo bora kwake ni ile inayoandikwa kwa maingizo mawili, na yafuatayo ni maelezo ya jinsi inavyofanya kazi.

Swali moja lenye majibu mawili

Msingi wa utaratibu huu ni mwepesi. Hakuna kitu kinachoingia dukani bila kutoka mahali fulani. Mwenye duka akinunua kiroba cha sukari kwa fedha taslimu, sukari imeingia na fedha imetoka. Akikichukua kwa mkopo, sukari imeingia na deni limezaliwa. Kwa hiyo kila tukio la biashara lina majibu mawili kwa swali moja: thamani hii imetoka wapi, na imekwenda wapi? Mwandishi wa hesabu huandika majibu yote mawili, kwa kiasi kilekile, na hapo ndipo jina la maingizo mawili lilipotoka.

Utaratibu huu ni wa kale. Mwaka 1494 mtawa na mwanahisabati wa Kiitalia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venisi kitabu cha hisabati chenye sehemu inayoueleza. Hakuubuni yeye, aliandika yale ambayo wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakiyafanya tayari. Nao walikuwa na shida inayofahamika vizuri mpakani kwetu: bidhaa zinazovuka, fedha za aina mbalimbali, na wadeni walio mbali.

Kinachohitajika kuanzia ni kauntabuku moja na rula. Kila jambo linalofuatiliwa hupewa ukurasa wake, nao huitwa akaunti: ukurasa wa Fedha Taslimu, ukurasa wa Mauzo, ukurasa wa Mkopo, na kadhalika. Katikati ya kila ukurasa huchorwa mstari wa wima. Upande wa kushoto huitwa debiti na wa kulia huitwa krediti. Jibu la "imekwenda wapi" huandikwa kushoto kwenye ukurasa wake. Jibu la "imetoka wapi" huandikwa kulia kwenye ukurasa wake. Kwa sababu hiyo mali za duka, gharama na vitu alivyojichukulia mwenye duka hukua upande wa kushoto, ilhali madeni, mtaji na mauzo hukua upande wa kulia.

Maneno haya mawili huwasumbua wengi, hata waliosoma. Krediti hapa haina maana ya mkopo, na debiti haina maana ya kudaiwa. Ni majina ya pande mbili za ukurasa, kama tusemavyo kushoto na kulia. Kinachozidisha utata ni taarifa ya benki. Mteja anapoweka fedha, benki huandika krediti, naye akirudi kwenye daftari lake anaambiwa aandike debiti. Hakuna aliyekosea. Benki inaandika daftari lake yenyewe, na katika daftari hilo fedha ya mteja ni deni ambalo benki inadaiwa. Deni hukua upande wa kulia. Katika daftari la mteja fedha ileile ni mali, nayo hukua upande wa kushoto. Tukio ni moja na madaftari ni mawili, kila moja likiwa na pande zake.

Mwezi wa kwanza wa duka

Tuchukue mfano wa duka la vyakula na mahitaji ya nyumbani lililofunguliwa Tunduma mwanzoni mwa mwezi. Tarakimu ni zetu, tumezichagua ziwe nyepesi kufuatilia. Ada za miamala ya simu tumeziacha kando kwa sababu hiyohiyo. Katika daftari halisi zina ukurasa wake.

Tarehe 1 mwenye duka anatoa akiba yake ya shilingi 2,500,000 na kuiweka dukani. Fedha Taslimu inapata 2,500,000 kushoto, na Mtaji unapata 2,500,000 kulia. Wapo wanaoshangaa kwa nini fedha yake mwenyewe iandikwe upande mmoja na madeni. Jibu ni kwamba daftari ni la duka, si la mtu. Kwa macho ya daftari, duka limepokea fedha kutoka kwa mwenyewe, nalo linawajibika kwake. Mtengano huo kati ya duka na mwenye duka ndio utakaotuokoa huko mbele.

Siku hiyohiyo anapokea kwa simu mkopo wa 1,000,000, utakaorejeshwa kwa marejesho matano ya kila mwezi, 250,000 kila moja. Fedha ya Simu inapata 1,000,000 kushoto. Mkopo unapata 1,000,000 kulia.

Tarehe 2 analipa taslimu kodi ya pango ya mwezi, 120,000, na kununua kabati za kupangia bidhaa pamoja na mizani kwa jumla ya 400,000. Mizani hiyo, tukumbushe, yapaswa kuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo kabla ya kupimia mteja hata robo ya maharage. Kodi ya Pango inaandikwa 120,000 kushoto, Samani na Mizani 400,000 kushoto, na Fedha Taslimu 520,000 kulia, kwa maana huko ndiko thamani ilikotoka.

Tarehe 3 anakwenda duka la jumla na kuchukua mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni vyenye thamani ya 2,700,000. Anatoa taslimu 1,800,000, na 900,000 zinabaki kuwa deni. Hapa tukio lina mistari mitatu badala ya miwili, lakini kanuni haivunjiki: Manunuzi 2,700,000 kushoto, Fedha Taslimu 1,800,000 na Duka la Jumla 900,000 kulia. Pande zimelingana.

Kwa mwezi mzima anauza bidhaa za 2,000,000. Kati ya hizo, 1,450,000 zimelipwa taslimu, 380,000 zimeingia kwa lipa namba, na 170,000 zimechukuliwa na majirani kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Zote tatu zinaandikwa kushoto, kila moja kwenye ukurasa wake, na Mauzo yanapata 2,000,000 kulia. Baadaye majirani wanalipa 90,000 taslimu. Mwenye duka mpya hushawishika kuiandika fedha hii kama mauzo mapya. Si mauzo, kwa kuwa yalikwisha kuandikwa siku bidhaa zilipotoka. Kilichotokea ni kwamba deni la jirani limegeuka noti: Fedha Taslimu 90,000 kushoto, Wadaiwa 90,000 kulia.

Katikati ya mwezi analipa duka la jumla 500,000 kwa simu. Umeme na mlinzi wanachukua 45,000 taslimu. Mwisho wa mwezi anatuma rejesho la kwanza la 250,000. Rejesho hili lina vitu viwili ndani yake. Kwa kuwa jumla ya marejesho ni 1,250,000 na mkopo ulikuwa 1,000,000, riba yote ni 250,000. Tukiigawa sawa kwa miezi mitano, kila rejesho lina riba ya 50,000 na sehemu ya mkopo wenyewe 200,000. Hivyo Mkopo unapunguzwa kwa 200,000 upande wa kushoto, Riba inaandikwa 50,000 kushoto, na Fedha ya Simu 250,000 kulia.

Limebaki jambo moja ambalo wenye maduka wengi huliona dogo mno kuandikwa. Mwezi mzima nyumbani kumetumika unga, mafuta na sabuni kutoka rafu za duka, vyenye gharama ya 54,000. Hakuna noti iliyotembea. Hata hivyo thamani imetoka dukani na kwenda nyumbani, kwa hiyo Matumizi Binafsi yanaandikwa 54,000 kushoto, na Manunuzi yanapunguzwa 54,000 kulia.

Urari

Mwezi ukiisha, kila ukurasa hujumlishwa pande zote mbili, upande mdogo ukatolewa kwenye mkubwa, na kilichobaki huitwa baki. Orodha ya mabaki yote huitwa urari. Wa duka letu ni huu:

| Akaunti | Debiti (Sh) | Krediti (Sh) |
|---|---|---|
| Fedha Taslimu | 1,675,000 | |
| Fedha ya Simu | 630,000 | |
| Wadaiwa | 80,000 | |
| Manunuzi | 2,646,000 | |
| Samani na Mizani | 400,000 | |
| Kodi ya Pango | 120,000 | |
| Umeme na Ulinzi | 45,000 | |
| Riba | 50,000 | |
| Matumizi Binafsi | 54,000 | |
| Mtaji | | 2,500,000 |
| Mkopo | | 800,000 |
| Duka la Jumla | | 400,000 |
| Mauzo | | 2,000,000 |
| Jumla | 5,700,000 | 5,700,000 |

Jumla hizi hazikulingana kwa bahati. Kila tukio liliongeza kiasi kilekile kushoto na kulia, mithili ya mtu anayeweka jiwe la uzito mmoja katika kila sahani ya mizani. Sahani zikiwa sawa mwanzoni, zitakuwa sawa hadi mwisho. Zisipokuwa sawa, basi kuna jiwe lililowekwa upande mmoja tu, au mawe mawili yaliyotofautiana uzito, na kazi ni kulitafuta.

Utafutaji huo una mbinu mbili ambazo wahasibu hufundishana. Ya kwanza ni kutazama kama tofauti inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Tuseme kwenye ukurasa wa Umeme na Ulinzi iliandikwa 54,000 badala ya 45,000, na kwenye Fedha Taslimu ikaandikwa 45,000 kama ilivyostahili. Debiti itasoma 5,709,000 na krediti 5,700,000. Tofauti ni 9,000, ambayo hugawanyika kwa 9. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti huwa hivyo daima, kwa hiyo mwandishi hutafuta kwanza mahali tarakimu zilipogeuzwa. Mbinu ya pili ni kugawa tofauti kwa 2. Tuseme zile 90,000 za majirani ziliandikwa kushoto kwenye Fedha Taslimu, kisha kwa kusahau zikaandikwa kushoto tena kwenye Wadaiwa. Tofauti itakuwa 180,000. Nusu yake ni 90,000, na kiasi hicho ndicho cha kutafutwa daftarini, kwa maana yaelekea kimeandikwa upande usio wake.

Mbinu hizi huelekeza tu mahali pa kuanzia. Makosa mawili yakikutana katika mwezi mmoja, tofauti haitafuata kanuni yoyote kati ya hizo, na hapo hakuna njia ila kupitia maingizo moja baada ya jingine. Ndiyo maana tunashauri urari ufanywe kila wiki katika miezi ya mwanzo. Kupitia maingizo ya siku saba ni kazi ya jioni moja.

Droo imejaa, faida iko wapi?

Sasa turudi kwa mwenye duka aliyekuwa akihesabu noti. Ana 1,675,000 kwenye droo na 630,000 kwenye simu, jumla 2,305,000. Kwa macho yake duka linakwenda vizuri sana. Daftari linasema nini?

Ili kupata faida, inahitajika tarakimu moja ambayo urari hauna, yaani thamani ya bidhaa zilizobaki rafuni. Hii hupatikana kwa kuhesabu kwa mkono, kiroba kwa kiroba, na kuzidisha kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia. Tuseme zimebaki za 900,000. Manunuzi yalikuwa 2,646,000 baada ya kuondoa zilizokwenda nyumbani, kwa hiyo bidhaa zilizouzwa zilimgharimu 1,746,000. Aliziuza kwa 2,000,000. Tofauti ni 254,000. Ondoa pango, umeme na ulinzi, na riba, ambavyo jumla yake ni 215,000. Faida ya mwezi ni shilingi 39,000.

Fedha nyingi za droo, basi, si faida. Ni akiba yake mwenyewe iliyopita kwenye rafu na kurudi, ni 800,000 za mkopeshaji zisizokwisha kurejeshwa, na ni 400,000 za duka la jumla. Tunaweza kuthibitisha kwa kuziweka sahani mbili pamoja. Upande mmoja ni mali: fedha zote 2,305,000, wadaiwa 80,000, bidhaa 900,000, samani na mizani 400,000, jumla 3,685,000. Upande wa pili ni wenye haki juu ya mali hizo: mkopeshaji 800,000, duka la jumla 400,000, na mwenye duka kwa mtaji wake 2,500,000, pamoja na faida 39,000, kasoro 54,000 alizokwisha kuchukua, jumla 3,685,000. Taarifa hii huitwa mizania, nalo ni neno la ukoo mmoja na mizani.

Ndani yake kuna habari ambayo droo isingeitoa kamwe. Faida ilikuwa 39,000 na vitu vilivyokwenda nyumbani vilikuwa vya 54,000. Kwa hiyo familia imekula faida yote na kuongeza 15,000 kutoka kwenye mtaji. Kwa mwezi mmoja si jambo la kutisha. Likiendelea bila kuandikwa, huwa ndiyo sababu rafu zinapungua mwaka hadi mwaka huku mwenye duka akiapa kwamba anauza kila siku.

Makosa ambayo urari hauyaoni

Hatuna budi kueleza pia mpaka wa utaratibu huu, kwa kuwa kuna wanaoona jumla mbili zimelingana wakalala usingizi. Kulingana kunathibitisha kwamba kila ingizo lilikuwa na pande mbili sawa. Hakuthibitishi kwamba ingizo liliandikwa kwenye ukurasa wake, wala kwamba kila tukio liliandikwa.

Kosa lenye hasara kubwa kuliko mengine ni mkopo kuandikwa kama mauzo. Ni rahisi kutokea, hasa fedha inapoingia kwenye simu ileile inayopokea malipo ya wateja. Ujumbe unasema umepokea 1,000,000, naye anaandika Fedha ya Simu kushoto na Mauzo kulia. Kisha mwisho wa mwezi anaandika rejesho lote la 250,000 kuwa gharama. Urari utalingana bila wasiwasi, safari hii kwa 5,900,000 kila upande. Lakini mauzo yatasomeka 3,000,000, na faida itasomeka 839,000 badala ya 39,000. Mwenye duka anayeamini tarakimu hiyo ataongeza matumizi ya nyumbani, na ataona ana nguvu ya kubeba mkopo wa pili. Hivyo ndivyo wengi huingia kwenye mikopo ile ambayo mtaani huitwa kausha damu, wakidhani biashara italipa. Si hilo tu: kodi ya mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kwa kutazama mauzo ya mwaka, na mtu aliyeandika mkopo kuwa mauzo amejiongezea kodi kwa mkono wake mwenyewe.

Kosa la pili ni ukimya. Zile 54,000 za nyumbani zisipoandikwa kabisa, pande zote mbili zinakosa kiasi kilekile, na urari unabaki umelingana. Lakini bidhaa zilizokwenda nyumbani zitahesabiwa kama zilizouzwa, na badala ya faida ya 39,000 daftari litaonyesha hasara ya 15,000. Mwenye duka atapandisha bei, au atamshuku kijana anayemsaidia kaunta, ilhali sabuni iko bafuni kwake.

Makosa ya namna hii hugunduliwa kwa kulinganisha daftari na kitu kilicho nje yake. Fedha Taslimu hulinganishwa na noti zilizohesabiwa jioni. Fedha ya Simu na salio la simu. Manunuzi na risiti. Mkopo na mkataba. Tuseme neno juu ya risiti. Karatasi ya mashine ya kielektroniki hufifia, hasa ikikaa juani au karibu na jiko, na baada ya miezi kadhaa huweza kuwa nyeupe kabisa. Kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka 5, ni vyema risiti itolewe nakala au kupigwa picha ingali inasomeka, na namba yake iandikwe kando ya ingizo.

Akivuka kwenda Nakonde

Jirani yetu ana fedha yake, na wenye maduka wa Tunduma huvuka kununua bidhaa upande wa pili. Anayefanya hivyo afungue ukurasa wa Fedha ya Kwacha, na auandike kwa thamani ya shilingi alizotoa kuzipata. Akibadilisha 300,000 katika duka la fedha lenye leseni, Fedha ya Kwacha inapata 300,000 kushoto na Fedha Taslimu 300,000 kulia. Tuseme ametumia kwacha za thamani ya 240,000, na zilizobaki, ambazo daftarini ni 60,000, anapozirudisha zinampatia 57,000 tu. Ataandika Fedha Taslimu 57,000 kushoto, Hasara ya Kubadilisha Fedha 3,000 kushoto, na Fedha ya Kwacha 60,000 kulia. Ukurasa wa kwacha umefungwa, na zile 3,000 hazikupotea kimyakimya. Ushuru uliolipwa katika Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2019, pamoja na nauli ya mzigo, huongezwa kwenye gharama ya bidhaa zenyewe. Asipofanya hivyo atapanga bei ya rejareja kwa kutazama bei ya Nakonde peke yake, na atauza kwa hasara.

Kupokea kwacha kutoka kwa mteja dukani ni habari nyingine. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi. Mteja aliyevuka kutoka Nakonde aelekezwe kubadilisha fedha yake kwanza, na ukurasa wa Mauzo ubaki wa shilingi.

Deni likibishaniwa

Tumalizie na ukurasa wa Duka la Jumla, kwa kuwa ndiko migogoro mingi huanzia. Kulia kuna 900,000 za tarehe 3. Kushoto kuna 500,000 zilizolipwa kwa simu. Baki ni 400,000 upande wa kulia. Katika daftari la duka la jumla, akaunti ya mteja huyu inapaswa kuwa picha ya kioo: 900,000 kushoto, 500,000 kulia, baki 400,000 kushoto. Baki moja, pande zilizobadilishana.

Msambazaji akija na madai ya 900,000, mwenye duka asibishane juu ya jumla. Aombe kuona ukurasa, na auweke sambamba na wake, ingizo kwa ingizo, hadi ulipo mstari ambao upo kwake na haupo kwa mwenzake. Hapo atakuta ni zile 500,000. Kando ya ingizo lake iwepo tarehe, namba ya muamala kama ilivyo kwenye ujumbe wa simu, na namba iliyopokea. Kwa namba hiyo hoja huhama kutoka "nililipa" na "hukulipa" na kuwa swali linalojibika: fedha hii iliingia kwenye simu ya nani, na iliandikwa kwenye ukurasa wa mteja gani? Mara nyingine jibu ni kwamba karani aliiandika kwa mteja mwingine mwenye jina linalofanana. Urari wa duka la jumla nao ulikuwa umelingana siku zote.